Dakika Tisa Zilizokosekana

Nilijua kwamba kuna dakika tisa sina. Natanguliza hili kwa sababu kila nikisimulia habari hii huwa naanzia pale mtandao ulipokatika, watu wananionea huruma, nami naipokea huruma yao na kunyamaza. Mtandao ulikatika, ni kweli. Lakini niliona kwa macho yangu kwamba umekatika, na bado nikatuma. Aliyebebeshwa mzigo wa kosa hilo ni mama mmoja wa kijiji cha Daudi aliyenilaza na kunilisha miaka minne nilipokuwa sekondari, kwa kuwa kwetu Masieda palikuwa mbali na shule.

Wakati huo nilikuwa Katesh, nimepewa kona ndani ya steshenari ya dada mmoja wa Kiislamu aliyezaliwa pale pale mjini, mkali kwa wateja na mkali zaidi kwangu. Yeye alitoa fotokopi na kuuza madaftari. Mimi nilikaa nyuma ya mashine na kompyuta yangu, naendesha ukurasa wa habari za vijijini. Habari zenyewe nilizituma pia kwenye grupu la simu lenye watu wa Masieda, Daudi, Masakta na vijiji vingine. Nilikuwa mtu mmoja, lakini nilipenda kuandika "sisi".

Siku hizi mikutano mingi inarushwa laivu. Ni jambo zuri, ila mkulima gani wa kule juu ana bando la kutazama mkutano unaochukua saa nne? Na hata akiwa nalo, picha inaganda, sauti inakatika, anaishia kuona mdomo wa mwenyekiti umeachama. Maandishi ni mepesi. Yanapita hata mahali ambapo mtu hupanda kichuguu ili simu ishike. Kazi yangu ilikuwa hiyo: kuigeuza laivu kuwa maandishi wakati mkutano wenyewe bado unaendelea, ili mtu aliye shambani ajue saa hiyo hiyo kilichosemwa kuhusu maji yake au josho la ng'ombe wake.

Niieleze namna nilivyofanya, maana aibu yangu imo humo. Programu kwenye kompyuta iliivuta sauti ya laivu na kuirekodi vipande vipande, kila kipande faili lake: 001, 002, 003, na kuendelea. Kipande kimoja kilikuwa dakika moja na sekunde tano. Zile sekunde tano za mwisho zilikuwa pia mwanzo wa kipande kinachofuata, kwa sababu mzungumzaji hajui wewe unakatia wapi. Ukikata kavu, neno linabaki nusu huku na nusu kule, na mashine inaandika upuuzi pande zote mbili. Faili likikamilika, lilipelekwa kwenye programu nyingine inayosikiliza na kuandika, na baada ya nusu dakika hivi maandishi yalinirudia. Mimi niliunganisha kipande na kipande, nikafuta maneno yaliyojirudia pale vilipokutana, nikarekebisha majina ya mahali ambayo mashine haikuyajua, nikatuma. Nilikuwa nyuma ya mkutano kwa dakika mbili au tatu tu.

Ningeweza kukata vipande virefu zaidi. Mashine huandika vizuri ikipata maneno mengi ya kuzunguka neno. Lakini kipande cha dakika kumi hukipati mpaka dakika kumi ziishe, na mimi nilikuwa mtu wa haraka. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nami nilikuwa nawajibu kwamba wahenga hawakuwa na washindani.

Mashine ilikuwa na vituko vyake na nilivijua vyote. Ukumbi ukiwa kimya, badala ya kuacha wazi iliandika "asanteni sana kwa kutazama", neno ambalo hakuna mtu aliyelisema. Mzee akichomeka Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, katikati ya Kiswahili, iliandika Kiswahili kilichonyooka kisicho na maana yoyote. Na haikusema nani anaongea. Sauti ya mwenyekiti na sauti ya mlalamikaji zilitoka kwenye mstari mmoja, kama maharage na mahindi ndani ya sufuria moja. Nilijivunia kwamba mimi sidanganyiki na mashine.

Mkutano wenyewe ulikuwa wa maji, kwenye ofisi ya kata kule Daudi. Kulikuwa na manung'uniko ya wiki nyingi kwamba roli za mabomba ya plastiki, yale ya kuviringishwa, zimepungua stoo. Mtunza stoo wa kamati ya maji, mwenye ufunguo, alikuwa yule mama yangu. Nilijua. Asubuhi ile nilipoona jina la cheo chake kwenye ajenda nilijiambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka najisikia vibaya: mwandishi hana ndugu. Nilijiona mtu wa maana sana kwa kuyawaza hayo. Nilikuwa na hamu, nasema kweli, ya kuonyesha watu kwamba hata aliyenilisha simfichi.

Laivu ilianza saa tatu kamili. Vipande vilikuja vizuri, kimoja kila dakika. Ripoti ya mhandisi, ripoti ya kamati, maswali. Ilipokaribia saa sita kasorobo hivi, akasimama mtu ambaye mashine haikuniambia ni nani, na maandishi yakabadilika. Yalikuwa mazito. Yalisema ufunguo wa stoo uko kwa mtu mmoja tu, mama huyu. Yalisema mabomba yalitolewa mchana kweupe, roli sita, kwa mkokoteni wa ng'ombe, watoto wa shule wakitazama. Yalisema hakumuaga mwenyekiti wala hakuwaambia majirani. Yalisema kama mali ya watu inatoka namna hii, basi kijiji hakina mlinzi, kina mwizi mwenye ufunguo. Vipande sita mfululizo, 167 mpaka 172, na mashine safari hii iliandika safi kuliko siku zote. Mtu huyo aliongea taratibu, kwa Kiswahili cha shule, neno baada ya neno.

Sasa hapa kuna jambo ambalo mgeni angeweza kulikosa, lakini si mimi. Katika mikutano ya kwetu, mtu anayesimama kumtetea mwenzake haanzi na utetezi. Anaanza na mashtaka. Anayasema yote, kwa ukali ule ule wa anayeshtaki, bila kupunguza hata tone, ili asije mtu baadaye akasema kuna neno lilifichwa. Kisha ananyamaza. Anaweza kuketi kabisa, akavua kofia, akaiangalia. Halafu anasimama mara ya pili, na hapo ndipo anajibu, moja baada ya jingine. Baba yangu mwenyewe alimtetea jirani yetu namna hiyo nikiwa mdogo. Nilikaa miguuni pake nikilia kwa kudhani anamchukia. Akanicheka njia nzima kurudi nyumbani.

Nilipokuwa nasoma kipande cha 172 sikumkumbuka baba. Nilikuwa naandika kichwa cha habari.

Kisha mtandao wa kampuni niliyoitumia ukakatika, pale Katesh, mji mzima. Ulirudi, programu yenyewe ikajiunga tena na laivu bila kuniuliza, na faili jipya likaanza. Liliitwa 173. Hivyo ndivyo programu ilivyohesabu: faili linalofuata ni linalofuata, haijali ni muda gani umepita katikati. Ukijiunga upya na laivu, inakupa kinachosemwa sasa hivi, haikurudishi pale ulipoachia. Kwa kuangalia namba tu ungeapa kwamba hakuna kilichopotea.

Lakini mimi sikuangalia namba tu. Kila faili lilikuwa na saa yake pembeni. La 172 lilikoma saa tano na dakika hamsini na mbili. La 173 lilianza saa sita na dakika moja. Niliiona. Tena maneno ya mwanzo ya 173 hayakurudia maneno ya mwisho ya 172, kama ilivyotakiwa kuwa. Nilikwenda kufuta yaliyojirudia, nikakuta hakuna cha kufuta. Niliona hilo pia. Kipande kipya kilikuwa cha mwenyekiti: "Tumesikia yote, ndugu zangu. Kamati itakaa na majibu mtapewa." Baadaye nilijua alikuwa anajibu habari ya birika la kunyweshea ng'ombe.

Nilikuwa na kanuni yangu mwenyewe: palipokatika, andika kwamba pamekatika. Nilishaifuata mara nyingi kwenye mikutano isiyo na moto. Ningeweza kuandika mstari mmoja, "hapa dakika tisa hazikupatikana". Ningeweza kuifungua laivu kwenye simu na kuirudisha nyuma. Ningeweza kusubiri mkutano uishe, maana wanaorusha huacha rekodi nzima pale pale mtandaoni. Lakini kulikuwa na ukurasa mwingine wa Mbulu mjini, na mwenye ukurasa huo alikuwa ndani ya ukumbi na simu mkononi. Nikajiambia kwamba katika dakika tisa wamepigana maneno tu, kama kawaida. Nikaunganisha 172 na 173 kana kwamba vilitoka tumbo moja, nikaandika juu: "Mtunza stoo wa maji Daudi adaiwa kutoa roli sita za mabomba mchana kweupe, kamati kukaa." Nikatuma.

Nilikuwa wa kwanza. Ndani ya muda mfupi wa kunywa chai watu walikuwa wameshaisambaza kwenye magrupu ambayo hata siyajui. Niliangalia namba zikipanda na nikaagiza chapati ya pili.

Aliyenishtua ni dada wa steshenari. Mkutano ulikuwa umeisha, wateja wamepungua, akaja nyuma ameshika simu yake. Alikuwa ameisikiliza laivu tangu asubuhi, waya wa simu sikioni, kama watu wanavyosikiliza redio. Laini yake ya simu ilikuwa ya kampuni nyingine, haikukatika. Aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, mbona sijaweka maneno ya mwisho ya yule mzee. Nikamuuliza mzee gani. Akasema yule anayemtetea mwenye ufunguo, shemeji yake, si alijitaja mwanzoni kabisa asubuhi, sauti ile ile. Alisema mzee amemsafisha yule mama mpaka watu wamepiga makofi: mabomba yalipelekwa kwenye mstari uliopasuka juu ya shule, kwa barua ya mhandisi, na mhandisi mwenyewe alisimama akakiri ameisaini na kuisahau.

Nilimwambia mtandao ulikatika. Akaniangalia.

"Wewe ulikuwa unasikiliza au unasoma?" akauliza.

Jibu nililijua, na yeye pia alilijua. Programu haihitaji sauti itoke nje ili irekodi. Spika za kompyuta yangu nilikuwa nimezizima tangu asubuhi, kelele za mkutano zinanichosha. Sauti ya mzee yule naijua. Alikuwa akija nyumbani kwa mama kila Jumapili baada ya kanisa. Ningeisikia kwa sekunde tano tu ningejua anafanya nini.

Niliitafuta rekodi nzima, nikakata zile dakika tisa, nikazipeleka kwenye mashine. Zilirudi na nikazisoma nikiwa nimesimama. Kipande cha kwanza chote kilikuwa "asanteni sana kwa kutazama", "asanteni sana kwa kutazama". Hapo mzee alikuwa ameketi, ukumbi umenyamaza. Kisha utetezi ukaanza, jibu kwa jibu, roli kwa roli. Niliandika sahihisho, nikaomba radhi, nikatuma kule kule. Nikafuta ile ya kwanza kwenye ukurasa na kwenye grupu langu, lakini ya magrupu ya watu wengine haikuwa mikononi mwangu tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Sahihisho lilisomwa na wachache sana, na hakuna aliyelisambaza, kwa kuwa habari ya mtu asiyeiba haina mchuzi.

Nilimpigia mama simu mara tatu. Iliita mpaka ikaacha.

Kesho yake nilipanda gari la asubuhi, nikapitia Dongobesh, nikafika Mbulu, na kutoka pale nikachukua pikipiki mpaka Daudi. Njiani nilitunga maneno. Nilikuwa na maelezo mazuri sana kuhusu vipande, sekunde tano, na namna laivu inavyojiunga upya. Nilitaka aelewe. Mpaka nilipoingia uani kwake, jua likiwa limeshapanda, nilikuwa bado naamini kwamba akielewa itakuwa nafuu.

Uani kulikuwa na sufuria mbili kubwa, zile zinazoazimwa kanisani, zimefunikwa kwa majani ya mgomba. Pembeni ndoo tatu za togwa. Vikombe vimepangwa kwenye beseni, vikavu. Hapakuwa na mtu.

Nikaelewa kabla sijaambiwa. Ilikuwa zamu yake. Kule watu huvuna kwa zamu: leo majirani wote shambani kwangu, kesho kutwa kwako, na mwenye shamba anapika. Maharage hung'olewa alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani, kwa sababu jua likishakausha maganda yanapasuka ukiyagusa na punje zinamwagika chini. Ni kazi ya muda wa saa tatu, labda nne, na ni ya watu wengi au si ya mtu. Mama alikuwa ameng'oa kwenye mashamba ya majirani zake wote msimu ule. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho.

Nilimkuta shambani peke yake. Alikuwa amemaliza mistari minne kati ya mingi ambayo sikuihesabu. Alikuwa ameacha kung'oa, ameinama anaokota punje zilizomwagika, moja moja, anazitia kwenye kanga aliyojifunga kiunoni. Nilisikia maganda yakipasuka huku na huko yenyewe, kwa jua tu.

Nilimwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema. Hakunyanyuka.

Nikaanza maelezo yangu. Nilisema kuhusu mtandao, nilisema kuhusu faili la 172 na la 173. Aliendelea kuokota. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kujisikia mjinga, kama mtu anayemweleza mwenye nyumba namna kiberiti kinavyofanya kazi huku nyumba inaungua. Nikamwambia nimeshatuma sahihisho.

Alinieleza bila hasira, akitazama chini. Ile ya kwanza ilisomwa kwa sauti kwenye mashine ya kusaga, jana mchana, mbele ya foleni nzima. Ilisomwa mara mbili, wengine walikuwa wamechelewa. Na waliokuwapo mkutanoni? Walikuwa wachache, wengi ni wa vijiji vya chini. Hawa majirani zake walikuwa mashambani, walitegemea simu. Jioni walikuja wawili kumuuliza, akawaeleza, wakaitikia vizuri na kuondoka. Alfajiri akawasha moto kama kawaida. Akasubiri. Umande ukaisha. Alisema sahihisho hajalisikia likisomwa mahali.

"Shemeji yako angewaambia," nikasema.

Akajibu kwamba shemeji alilala Mbulu, na kwamba shemeji ni ndugu, na maneno ya ndugu watu huyapima. "Lakini ya kwako waliyaamini," akasema. "Wanajua ulikulia hapa. Walisema, kama hata yeye ameandika, basi ni kweli."

Nilisimama nikiwa sina pa kuweka mikono. Ile sifa niliyoitaka, ya mwandishi asiyemficha hata aliyemlisha, ndiyo iliyoacha shamba lile tupu. Nilikuwa nimeipata, na ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia pale, na najua kuichukia nafsi yako hakung'oi hata shina moja.

Sasa akanyanyuka. Alishika kiuno kwa mkono mmoja, kanga ya punje kwa mkono mwingine, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Hiyo sehemu iliyokosekana. Wakati unatuma, ulikuwa unajua kwamba haipo?"

Nilikuwa na majibu mengi. Lile la mtandao lilikuwa mdomoni tayari, na mama yule, kwa wema wake, angelipokea. Nadhani alitaka nilitoe. Nadhani alikuwa amelisubiri tangu jana ili aweze kunisamehe na kuendelea kuokota.

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua."

"Niliona saa hazifuatani. Nilitaka kuwa wa kwanza."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia bei na kuona ni ile ile aliyoitegemea. Hakunigombeza. Ningetoa chochote anigombeze. Miaka ile ya shule alinigombeza kwa kusahau kufunga ndama, kwa soksi, kwa kuimba wakati wa kusali, na kila mara nilijua nipo nyumbani.

Nilivua koti nikalitundika kwenye mti wa uzio, nikainama nianze kung'oa mstari wa tano. Nilishika shina la kwanza, maganda yakapasuka mkononi, punje zikaruka. Nikashika la pili kwa uangalifu zaidi. Akaniambia niache. Nikasema nitafanya taratibu, nitabaki mpaka kesho alfajiri, nitaita vijana wa kanisani, nitazunguka nyumba kwa nyumba nisome maneno ya shemeji yote kwa sauti yangu. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kama alivyofundishwa kwao kumsikiliza mtu mpaka mwisho.

"Kesho majirani nitawazungukia mwenyewe," akasema. "Wewe umetoka mbali. Twende ukale."

Nikamfuata uani. Nikaenda moja kwa moja upande wa jiko kuchukua sahani, mahali ninapopajua hata nikifumba macho. Akanizuia kwa mkono, bila kunigusa. Akatoa kiti cha mbao kutoka sebuleni, kile cha mchungaji na watu wa serikali, akakifuta vumbi kwa kanga, akakiweka kivulini. Akafunua sufuria. Makande yalikuwa yameanza kushikana juu. Akapakua sahani ikajaa, akaileta, kisha akaleta jagi la maji ya moto na beseni, akainama mbele yangu kuninawisha mikono.

Nilimsihi asifanye hivyo. Nilimwambia mimi ni mtoto wa hapa.

"Nawa, mgeni," akasema, na akaanza kumimina.